Kati ya Septemba na Januari: hotuba ya kikao cha wazazi wa darasa la saba

Mtihani wa kumaliza darasa la saba Tanzania hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati kuna miezi minne ambayo binti hana darasa, hana sare, na jina lake halipo kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote. Matokeo hutoka kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, na orodha ya waliochaguliwa kujiunga na sekondari hufuata. Hotuba ya mwalimu mkuu kwa wazazi, ikitolewa Julai au Agosti, hukuta uamuzi wa familia ukiwa bado mbichi. Ikitolewa Januari, mara nyingi huwakuta wazazi ambao mabinti zao wamekwisha kupelekwa kufanya kazi za ndani mjini, au wamekwisha kuposwa.

Hotuba nyingi za vikao hivi hupotea kwa sababu hutumia nusu saa kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyelipinga. Mzazi aliyeacha shamba na kuja kukaa chini ya mwembe wa shule anajua kwamba elimu ni kitu kizuri, na atapiga makofi kila likisemwa. Kinachomsumbua hakimo katika makofi hayo. Anawaza sare itatoka wapi, binti atalala wapi, nani atamvusha pori la kilomita tisa alfajiri, na itakuwaje akirudi na mimba baada ya gharama zote hizo. Hotuba inayofaa huyachukua maswali hayo na kuyajibu moja baada ya jingine.

Swali la kwanza ni la sheria, na hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016. Tangu hapo, kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Wazazi wengi wamelisikia hilo. Wanalolipima kimyakimya ni neno “mwanafunzi”. Binti aliyemaliza mtihani wa darasa la saba, wanasema, si mwanafunzi tena, amemaliza. Ndiyo maana baadhi ya posa hupangwa kusubiri mtihani upite, na ndiyo maana katika baadhi ya maeneo walimu wamekutana na mabinti walioambiwa nyumbani wajifelishe: waache maswali wazi au wajaze majibu ovyo, ili jina lisitokee kwenye orodha ya waliochaguliwa na mlango wa ndoa ubaki wazi.

Mwalimu anaweza kuligundua hilo kabla halijatokea. Binti aliyekuwa akipata alama za kati au za juu katika mtihani wa utamilifu, au moko kama wengi wanavyouita, kisha akaanza ghafla kuacha kazi za darasani bila kujaribu, hajapungukiwa akili kwa wiki tatu. Kuna jambo nyumbani. Kumwita peke yake, akiwa na mwalimu wa kike anayemwamini, kabla ya siku ya mtihani, huokoa zaidi kuliko uchunguzi wowote unaofanywa baada ya matokeo.

Hoja ya “amemaliza” ina kasoro ambayo hotuba inapaswa kuieleza kwa lugha ya kawaida, bila kuisoma kama hukumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18; kwa kibali cha mahakama, iliwezekana hata kufunga ndoa na aliyefikisha miaka 14. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliupinga utaratibu huo mahakamani. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Kwa hiyo mzazi anayesema “sheria inaniruhusu, ana miaka kumi na mitano” anaegemea ukuta ambao mahakama mbili zimekwisha kuubomoa.

Umri wenyewe nao unahitaji kuhesabiwa mbele ya wazazi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita au saba humaliza la saba akiwa na 13 au 14. Huyo hajafika hata ule umri wa 15 wa Sheria ya Ndoa. Na Kanuni ya Adhabu, kwa marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inahesabu kuwa ni ubakaji tendo la mwanamume na msichana aliye chini ya miaka 18, hata kama msichana alikubali. Kosa hilo halitazami kama yupo shuleni au amemaliza. Upenyo pekee uliowekwa na kifungu hicho ulikuwa wa mke aliyefikisha miaka 15, yaani ule ule uliotegemea Sheria ya Ndoa. Wazazi wakiuelewa uhusiano huu wa sheria mbili, ile miezi minne haionekani tena kama uwanja usio na mwenyewe.

Hata hivyo, kuna kipimo cha kutaja adhabu. Kifungo cha miaka 30 kikirudiwa kila baada ya sentensi mbili, wazazi hawaondoki na uamuzi wa kumsomesha binti; wanaondoka na uangalifu wa kuficha. Binti hupelekwa kwa shangazi mkoa mwingine “kusalimia”, na ndoa hufungwa huko. Ikitokea mimba, familia mbili hukaa na kuyamaliza nyumbani kwa ng'ombe au fedha, kisha kesi inapofika mahakamani binti hamtaji aliyehusika na mama hatokei kutoa ushahidi. Upande wa mashtaka hubaki na daftari la uandikishaji linaloonyesha kwamba alikuwa mwanafunzi, pasipo shahidi wa kuunganisha kosa na mtu. Sheria inatosha kutajwa mara moja, kwa ukamilifu na kwa utulivu. Sehemu kubwa ya muda iliyobaki iende kwenye hesabu.

Ada ya sekondari ya kutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Mzazi anayesikia “elimu bila malipo” kisha akakabidhiwa fomu ya kujiunga yenye orodha ya sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, godoro kama kuna hosteli, na vifaa vya usafi, huhisi amedanganywa, na hasira hiyo humwangukia binti. Ni heri mwalimu aisome orodha hiyo Agosti, kwa sauti, akitenganisha kinachohitajika siku ya kwanza na kinachoweza kusubiri hadi mavuno. Familia iliyo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini inakumbushwa kwamba sehemu ya ruzuku yake imefungamana na mahudhurio ya watoto shuleni, kiwango kikiwa asilimia 80 ya siku za masomo. Binti akikatizwa masomo, kaya nayo hupoteza.

Lakini gharama inayowaangusha wengi haimo kwenye fomu. Ni umbali. Shule ya msingi huwa kijijini. Ya sekondari mara nyingi ni moja kwa kata nzima. Mfano mmoja unafaa kuandikwa ubaoni wakati wa kikao. Tuseme nyumbani hadi sekondari ni kilomita tisa. Kwa mwendo wa kawaida wa mtoto mwenye mkoba, hizo ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Ili awahi mstarini saa moja na nusu asubuhi, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza likiwa bado limetanda. Vipindi vikiisha saa tisa na nusu alasiri, anafika nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni, na kama ni binti, anakuta ndoo ya maji na jiko vinamsubiri. Muda wa kusoma unabaki usiku, kwa kibatari au tochi ya simu. Baada ya muhula mmoja huanza kuchelewa, akichelewa huadhibiwa, na mtoto anayeadhibiwa kila Jumatatu huanza kuishia njiani.

Hapo ndipo dereva wa bodaboda anapopata nafasi. Hahitaji kuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Anatoa lifti siku ya mvua, kesho yake anatoa tena, wiki inayofuata ananunua chipsi. Binti ambaye mwili wake una uchovu wa kilomita 18 kwa siku hahitaji kuwa na tabia mbaya ili akubali kupanda. Msemaji wa kikao akisema “mabinti wa siku hizi wana tamaa”, amekosea chanzo, na amewapa wazazi sababu ya kutofanya chochote. Chanzo ni usafiri, na usafiri una bei inayohesabika.

Tuseme bodaboda ya kulipia ni shilingi 1,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Hiyo ni shilingi 582,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne shilingi 2,328,000. Hakuna familia ya mkulima mdogo itakayolipa. Tuseme baiskeli ni shilingi 250,000, na matengenezo ya tairi, breki na mnyororo ni 40,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 410,000, na mwendo wa saa mbili unakuwa kama dakika 45 kwenye njia isiyo na mchanga mwingi. Bei hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine na kila kijiji kitaweka tarakimu zake. Kinachobaki vilevile ni njia ya kuhesabu. Wazazi wakiiona hesabu hiyo ubaoni Agosti, wakati wa kuuza mazao bado haujapita, baiskeli huacha kuwa anasa. Wanaume wengi waliokaa nyuma wakiwa wamenyamaza ndio huanza kuuliza maswali hapo.

Njia ya tatu, ambayo familia nyingi huichagua kwa kuwa inaonekana nafuu, ni kumpangia binti chumba karibu na shule. Wanafunzi huyaita magheto. Kodi ni ndogo, na wasichana watatu au wanne huchangia. Wanapika wenyewe, wanalala wenyewe, na unga ukiisha katikati ya mwezi wanatafuta wenyewe. Shida ya gheto ni kwamba halina mtu mzima. Kama hosteli haipo na baiskeli haiwezekani, chumba kiwe ndani ya ua wa familia inayojulikana, kitembelewe na mzazi angalau mara moja kila wiki mbili, na chakula kipelekwe kwa ratiba badala ya kumpa binti fedha na kumwachia aitawale. Shule nayo iwe na orodha ya kila mwanafunzi aliyepanga na jina la mwenye nyumba. Dalili za mambo kuharibika ni za kawaida: simu ambayo mzazi hakuinunua, viatu vipya visivyo na maelezo, utoro wa siku za mnada. Mzazi azifuatilie kwa kuuliza kwa upole, kwani kipigo humfanya binti ahamie moja kwa moja kwa yule aliyempa simu.

Jambo la hedhi huchukua muda mfupi kulisema na huleta tofauti kubwa, lakini katika vikao vingi halisemwi kwa kuwa akina baba wapo. Binti anayekosa siku tatu kila mwezi, kwa miezi tisa au kumi ya masomo, hupoteza karibu siku 30, yaani wiki sita za vipindi. Mzazi hutakiwa kuhakikisha kuna taulo za kike au vitambaa safi vinavyofuliwa na kuanikwa juani. Shule hutakiwa kuwa na choo chenye mlango unaofungwa, maji na mahali pa kutupia. Mwalimu wa kike akilisema kwa dakika tano, kwa maneno ya wazi, akina baba husikiliza. Wengi wao ndio wanaoshika fedha za nyumba, na hawajawahi kuambiwa kwamba kitu hiki kinaingia kwenye bajeti kama sabuni.

Namna ya kusema ina uzito wake. Mwalimu mkuu kijana anayewafokea wazee hupoteza kikao kabla hajafika kwenye hoja. Hotuba ya mfano inaweza kuanza hivi: “Shikamooni wazee wangu, wazazi wangu, baba na mama. Nawashukuru kwa kuacha kazi na kuja. Darasa la saba tuna wasichana, na kila mmoja wao namjua kwa jina na kwa daftari lake. Tarehe ya mtihani mnaijua. Leo naomba tuzungumze kuhusu siku inayofuata baada ya mtihani: atakuwa wapi, kwa nani, na nani atampeleka kuripoti Januari. Mimi nitasema upande wa shule. Kisha nitawaomba baba na mama wa kila binti mniambie upande wenu.” Baada ya hapo anakaa kimya. Swali limewekwa kwa watu mahususi, na kimya chake huwalazimu wajibu. Neno la mzazi mmoja anayesomesha, kama muuza samaki wa sokoni ambaye binti yake yuko kidato cha tatu na anayeeleza alivyoipata fedha ya sare, huingia kuliko dakika kumi za mgeni rasmi.

Kuna swali la mwisho ambalo wazazi hawaliulizi hadharani: tukimsomesha, na akipata mimba, si fedha imepotea? Kwa miaka mingi jibu la kweli lilikuwa ndiyo, kwa sababu binti aliyepata mimba alifukuzwa na hakurudi. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 uliweka kikomo cha miaka miwili tangu binti alipoacha masomo. Kikomo hicho ndicho mzazi anachopaswa kukariri. Binti aliyejifungua Machi akiwa kidato cha pili anaweza kurudi Januari inayofuata mtoto akiwa na miezi kumi. Anachohitaji ni bibi au shangazi wa kumlea mtoto mchana, na shule iliyokwisha kukubaliana na familia juu ya siku ya kurudi. Wanaopitwa na muda, au wanaoshindwa kukaa darasa moja na wadogo zao, wana njia ya vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako masomo ya sekondari hufundishwa kwa muda mfupi zaidi.

Baadhi ya wazazi huogopa kwamba kulisema hili ni kuruhusu mimba. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameanza kuzaa au wana mimba. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22. Kiwango bado ni kikubwa mno: zaidi ya msichana mmoja kati ya watano. Lakini kilishuka katika kipindi kinachojumuisha kufunguliwa kwa mlango wa kurudi. Kinachodhuru ni mzaha anaotendewa aliyerudi, kutoka kwa wanafunzi na wakati mwingine kwa walimu, na mkuu wa shule anaweza kuahidi mbele ya kikao kwamba hautavumiliwa.

Kikao kinamalizika kwa karatasi. Kila familia yenye binti darasa la saba huandikiwa mstari mmoja: jina la mzazi au mlezi atakayempeleka kuripoti, mahali atakapokaa kati ya Septemba na Januari, njia atakayotumia kwenda sekondari, na kitu kimoja ambacho familia imesema haiwezi kukipata. Binti ambaye hatachaguliwa naye ana mstari wake, wenye chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu au kituo cha elimu ya watu wazima. Nakala moja inabaki shuleni, ya pili huenda kwa mtendaji wa kijiji, ya tatu kwa Afisa Elimu Kata. Kamati ya shule hupitia ile safu ya mwisho, kwa sababu mara nyingi kinachokosekana ni kidogo: viatu, au shilingi elfu chache za mkoba na madaftari, na kijiji kinaweza kukichangia ndani ya wiki.

Januari, karatasi hiyo hulinganishwa na orodha ya walioripoti sekondari. Kazi hiyo ifanyike wiki ya kwanza, isisubiri Machi, kwani utoro wa siku 90 mfululizo humweka mwanafunzi katika hatari ya kufutwa kwenye daftari la shule. Kila jina lisiloonekana lina mzazi aliyetajwa na mahali palipotajwa. Mwalimu na mtendaji huanza kwa kwenda nyumbani. Wakikuta sare ndiyo iliyokosekana, hurudi kwa kamati. Wakiambiwa binti amekwenda kwa shangazi, huomba namba ya shangazi na kuongea na binti mwenyewe. Wakikuta ameozwa, au hakuna anayekubali kusema alipo, taarifa huenda siku hiyo hiyo kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.